Kuchoma Sindano ya Kotikosteroidi Chini ya Akromioni kwa Kuongozwa na Ultrasaundi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu na wataalamu wa fiziotherapia ambao tayari wameruhusiwa kuchoma sindano za viungo na wanajifunza kutumia ultrasaundi chini ya usimamizi wa mtu mwenye uzoefu. Mkazo wake mkubwa uko mahali pamoja, nao ni namna ya kujua kwamba ncha ya sindano imeingia kwenye bursa yenyewe na haiko ndani ya msuli ulio juu yake wala ndani ya kano iliyo chini yake. Tabaka hizi tatu zimelaliana kwa karibu sana kiasi kwamba milimita 2 au 3 za kukosea hubadilisha kabisa mahali dawa inapoishia.

Bursa ya chini ya akromioni ni kifuko chembamba chenye majimaji kidogo, kilichotandazwa kati ya msuli wa deltoidi na kano za bega, hasa kano ya suprasipinatasi, na upande wake wa ndani hujipenyeza chini ya mfupa wa akromioni. Kazi yake ni kupunguza msuguano pale mkono unapoinuliwa. Ikivimba, mgonjwa hulalamika maumivu ya upande wa nje wa bega, maumivu yanayozidi usiku anapolilalia bega hilo, na maumivu yanayojitokeza zaidi anapoinua mkono kwa upande kati ya nyuzi 60 na 120.

Kabla ya kugusa sindano

Kosa linaloharibu zaidi hufanyika kabla ya kuwasha mashine, pale mgonjwa anapochomwa kwa tatizo ambalo si la bursa. Mzungushe mkono wa mgonjwa kwenda nje wewe mwenyewe, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kubanwa ubavuni. Ikiwa mzunguko huo umepungua sana hata unapofanywa na wewe, fikiria bega lililoganda, ambalo matibabu yake yanalenga ndani ya kiungo chenyewe. Maumivu yanayotoka shingoni na kushuka hadi vidoleni, yakiambatana na ganzi, si ya bega. Maumivu ambayo mgonjwa anayaonyesha kwa kidole kimoja juu kabisa ya bega, mwishoni mwa mfupa wa mtulinga, kwa kawaida hutoka kwenye kiungo kidogo kilichopo hapo. Na bega jekundu, la moto, lenye homa, halichomwi steroidi hata kidogo: huvutwa majimaji kwa uchunguzi wa maabara.

Baada ya hapo uliza maswali machache ambayo majibu yake yanaweza kuahirisha kazi. Uliza juu ya mzio wa dawa za ganzi au steroidi, maambukizi popote mwilini, vidonda au upele kwenye ngozi ya bega, na upasuaji wa bega uliopangwa ndani ya miezi 3 ijayo, kwa kuwa steroidi iliyochomwa karibu na siku ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi baada ya upasuaji. Dawa za kuzuia damu kuganda si kizuizi cha moja kwa moja, kwani sindano hii ni ya juujuu na unaweza kupakandamiza baadaye. Hata hivyo mgonjwa wa wofarini anatakiwa awe na kipimo cha INR cha hivi karibuni kilicho ndani ya kiwango chake cha tiba, na asiambiwe aache dawa kiholela.

Swali moja husahaulika mara nyingi, nalo ni la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ritonaviri na kobisistati huzuia ini kuivunja triamsinoloni, hivyo dozi moja iliyochomwa begani hubaki mwilini kwa wiki nyingi, mgonjwa akavimba uso, sukari ikapanda, na tezi za adrenali zikalala. Mgonjwa anayetumia dawa hizo asichomwe triamsinoloni. Zungumza kwanza na daktari anayesimamia dawa zake. Methiliprednisoloni huelezwa kuwa na hatari ndogo zaidi katika hali hii, lakini nayo huvunjwa kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo usiichukulie kuwa salama kabisa. Wagonjwa wengi hawazitaji dawa hizi mpaka waulizwe faraghani, kwa hiyo swali hili liulizwe mlango ukiwa umefungwa na ndugu wakiwa nje.

Ridhaa ya mgonjwa

Mgonjwa aambiwe ukweli juu ya anachoweza kupata. Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa GRASP, lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha watu 708 wenye matatizo ya kano za bega, liliona kwamba sindano ya steroidi iliongeza nafuu kidogo katika wiki 8 za mwanzo, lakini mwisho wa miezi 12 tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Kwa maneno ya kawaida, sindano hununua muda wa kufanya mazoezi na kulala usiku, na haiondoi chanzo cha tatizo. Vilevile usimwambie mgonjwa kwamba ultrasaundi itampa nafuu kubwa kuliko sindano ya kukadiria kwa vidole, kwa sababu mapitio ya Kokreni ya mwaka 2021 hayakuona faida ya maana katika maumivu. Mimi naendelea kuitumia kwa sababu inanionyesha kama kano imechanika, na inaniwezesha kuiepuka kano kwa makusudi. Hizo ni sababu za kutosha bila kuzitia chumvi.

Hatari utakazozitaja ni hizi. Maumivu ya kuchachamaa baada ya sindano huwapata baadhi ya wagonjwa ndani ya saa 24 za kwanza na huisha yenyewe baada ya siku 2 au 3. Uso unaweza kuwa mwekundu na wa moto kwa siku moja au mbili. Ngozi ya mahali palipochomwa inaweza kubonyea au kupauka, jambo ambalo kwenye ngozi nyeusi huonekana waziwazi na huweza kukaa miezi mingi. Sukari ya damu hupanda kwa mwenye kisukari. Hedhi inaweza kuvurugika. Kano inaweza kudhoofika na hata kukatika, hasa sindano zikirudiwa au dawa ikichomwa ndani ya kano. Maambukizi ni ya nadra sana, lakini yakitokea ni makubwa, na kwa sababu hiyo mgonjwa lazima ajue dalili zake kabla hajaondoka. Andika kwenye faili kwamba uliyasema haya na mgonjwa alikubali.

Vifaa na dawa

Utahitaji proba bapa ya masafa ya juu, kati ya megahezi 10 na 15 hivi, jeli tasa, kifuniko tasa cha proba, glavu, klorheksidini yenye spiriti, sindano ya geji 23 yenye urefu wa milimita 38 au 50 kutegemea unene wa bega, na mabomba mawili ya mililita 5. Adrenalini, oksijeni na kifaa cha kupima shinikizo la damu viwe ndani ya chumba hichohicho, si kwenye kabati la chumba cha pili.

Bomba la kwanza lijazwe lidokeini ya asilimia 1 peke yake, mililita 2. Bomba la pili liwe na steroidi pamoja na lidokeini ya asilimia 1, mililita 3 au 4. Steroidi inayotumika sana ni triamsinoloni asetonidi au methiliprednisoloni asetati, miligramu 40. Kwa mwenye kisukari mimi huanza na miligramu 20 za triamsinoloni, kwa kuwa jaribio lililolinganisha miligramu 20 na 40 chini ya akromioni halikuona tofauti ya nafuu kati ya dozi hizo mbili. Kichupa cha steroidi kitikiswe vizuri kabla ya kuvutwa, kwa sababu chembe zake hutuama chini, na usipokitikisa utavuta maji matupu na kuiacha dawa ndani ya kichupa. Ukishachanganya, litazame bomba kwenye mwanga: ukiona mabonge meupe, mchanganyiko huo usitumike. Jumla ya lidokeini hapa haizidi miligramu 60, ilhali kikomo cha mgonjwa wa kilo 60, kwa kukadiria miligramu 3 kwa kila kilo, ni miligramu 180. Nafasi ipo ya kutosha, lakini hesabu ifanywe kila mara.

Kumlaza na kuitafuta bursa

Vitabu vingi huonyesha mgonjwa akiwa ameketi. Mimi huwalaza kwa ubavu mzima, bega linaloumwa likiwa juu na mkono ukiwa umenyooka juu ya paja. Aliyeketi akizimia kwa hofu ya sindano huanguka, na wewe una sindano mkononi. Aliyelala hana pa kuangukia. Simama nyuma ya mgonjwa na uiweke skrini upande wa pili wa kitanda, mbele ya uso wake, ili macho yako, bega na skrini viwe kwenye mstari mmoja. Ukilazimika kugeuza shingo ili kuona skrini, mkono wako nao utageuka bila wewe kujua.

Weka kina cha picha kuwa sentimita 3 au 4. Tuliza ncha moja ya proba kwenye ukingo wa nje wa akromioni, na ncha ya pili ielekee chini kufuata upande wa nje wa mkono. Upande mmoja wa skrini utaona mstari mweupe wa mfupa wa akromioni na kivuli cheusi chini yake. Katikati utaona kichwa cha mfupa wa mkono kama tao jeupe, na juu ya tao hilo kano ya suprasipinatasi yenye nyuzi nyeupe, ikisinyaa kama mdomo wa ndege inapojishika kwenye nundu ya mfupa. Juu kabisa, chini ya ngozi na mafuta, upo msuli wa deltoidi wenye rangi ya kijivu na mistari mithili ya unyoya.

Bursa iko kati ya deltoidi na kano. Ikiwa nzima huonekana kama uzi mweusi usiofika milimita 2, uliobanwa na mistari miwili myeupe ya mafuta. Watu wengi huupoteza uzi huu. Njia ninayoifundisha ni kumwomba msaidizi ausogeze mkono wa mgonjwa kidogo kwenda mbali na mwili, kisha aurudishe. Kano itateleza chini ya akromioni huku deltoidi ikibaki karibu palepale, na mpaka kati ya kinachoteleza na kinachotulia ndio bursa. Uking'amua mpaka huo mara moja hutaupoteza tena.

Kabla ya kuendelea, chunguza kano yote kwa urefu na kwa upana. Ikumbukwe kwamba kano huonekana nyeusi pale mawimbi yanapoipiga kwa mshazari, na weusi huo wa uongo umeshawafanya wengi watangaze mpasuko usiokuwepo. Inamisha proba kidogo, na ikiwa weusi unatoweka, kano ni nzima. Ikiwa mpasuko ni wa kweli na umepita unene wote wa kano, bursa na kiungo vimekuwa chumba kimoja, na dawa utakayochoma itaingia pia kwenye kiungo. Katika hali hiyo mgonjwa azungumze kwanza na mtaalamu wa mifupa juu ya upasuaji, kwani steroidi inaweza kumfungia njia hiyo kwa miezi kadhaa.

Kuchoma

Weka alama kwenye ngozi, safisha kwa klorheksidini, na uiache ikauke yenyewe. Kuipuliza au kuifuta kunaharibu kazi yote. Vaa glavu, funika proba, tumia jeli tasa.

Sindano iingie kutoka upande wa mkono kuelekea akromioni, sentimita 1 hivi kutoka kwenye ncha ya proba, ikifuata mstari uleule wa proba ili urefu wake wote uonekane kwenye skrini. Ilaze kwa pembe ndogo, kama nyuzi 20 au 30, kwa sababu sindano iliyosimama sana haionekani vizuri na huelekea moja kwa moja kwenye kano. Ukiwa umeipoteza ncha, simama. Usisogeze sindano na proba kwa pamoja. Tuliza sindano, kisha inamisha au telezesha proba taratibu mpaka ncha ionekane. Kanuni ya chumba changu ni kwamba sindano haisogei mbele hata milimita moja ikiwa ncha yake haionekani.

Ipitishe sindano ndani ya deltoidi hadi ifike kwenye mstari mweupe wa juu wa bursa. Mara nyingi utaona mstari huo ukibonyea chini ya ncha kabla ya kutobolewa, na mkononi utahisi mtoboko mdogo. Hapo vuta bomba kidogo kuhakikisha hakuna damu, kisha choma nusu mililita ya lidokeini kutoka bomba la kwanza huku ukitazama skrini.

Hatua hii ya lidokeini peke yake ndiyo inayotenganisha sindano nzuri na mbaya, kwa hiyo iangaliwe bila haraka. Lidokeini iliyoingia kwenye bursa hufungua uzi ule mweusi ukawa utepe, kuta zake zikaachana, na majimaji yakateleza mara moja kuelekea chini ya akromioni na kutoweka kwenye kivuli chake. Bomba husukumika kwa urahisi kama vile hakuna kitu mbele. Lidokeini iliyoingia ndani ya deltoidi hukusanyika kama dimbwi mahali pamoja na kutawanya ile mistari ya unyoya, wala haielekei chini ya mfupa. Rudi kwenye picha, shusha ncha milimita 2 au 3, jaribu tena. Lidokeini iliyoingia ndani ya kano haiingii kwa urahisi: kidole gumba kinakutana na ukinzani, kano inatutumka, na mgonjwa anakunja uso. Acha kusukuma hapohapo na uvute ncha nyuma kidogo. Usishinde ukinzani kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayochana nyuzi za kano. Ipo hali ya nne, ambapo unachoma na hakuna kinachoonekana kabisa. Ama ncha imetoka nje ya picha, ama iko ndani ya mshipa wa damu, na kwa vyovyote vile husukumi tena mpaka ujue iko wapi.

Bursa ikishafunguka, shika kiunga cha sindano kwa uimara, badilisha bomba, na uchome mchanganyiko wa steroidi polepole kwa muda wa nusu dakika hivi. Chembe za steroidi huonekana kama vumbi jeupe likielea kwenye majimaji meusi. Kabla ya kutoa sindano, rudisha bomba la kwanza na usukume nusu mililita ya lidokeini iliyobaki ili kuisafisha sindano, kisha itoe bila kuchoma. Kuacha dawa ikidondoka njiani wakati wa kutoa ndiko kunakoacha shimo na doa jeupe kwenye ngozi miezi miwili baadaye. Pakandamize kwa pamba dakika moja au mbili.

Baada ya sindano, chumbani

Mgonjwa abaki amelala dakika 5, kisha akae kwa jumla ya dakika 20 hadi 30. Mzio mkali huanza ndani ya dakika hizi: akipumua kwa shida, akivimba midomo au shinikizo likishuka, mpe mtu mzima adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, na uite msaada. Anayelalamika ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma au kizunguzungu, huenda lidokeini imeingia kwenye damu. Mlaze, mpe oksijeni, na usimwache peke yake.

Baada ya dakika 15, mwombe ainue tena mkono kwa upande na umuulize maumivu sasa ni mangapi kati ya 10. Yakiwa yamepungua kwa nusu au zaidi, umethibitisha kwamba maumivu yalikuwa yakitoka hapo. Yasipopungua hata kidogo, na ulikuwa umeiona bursa ikifunguka, utambuzi wako ndio wa kutiliwa shaka, na kumchoma tena wiki ijayo hakutakuwa na maana.

Mgonjwa mmoja

Mwanamke wa miaka 54, fundi cherehani, alikuja na maumivu ya bega la kulia ya miezi 4. Alikuwa na kisukari, akitumia metformini na glibenklamidi, na sukari yake ya asubuhi ilikuwa kati ya 8 na 9 milimoli kwa lita. Mkono wake ulizungushwa nje bila kizuizi, maumivu yalianza alipoinua mkono nyuzi 70, na aliyapima kuwa 7 kati ya 10. Ultrasaundi ilionyesha bursa yenye unene wa milimita 3 na kano iliyonenepa lakini nzima.

Niliandaa triamsinoloni miligramu 20 na lidokeini mililita 4. Nusu mililita ya kwanza ya lidokeini ilikusanyika kama yai juu ya mstari mweupe, ndani ya deltoidi. Ningekuwa nachoma kwa kukadiria, steroidi yote ingeishia kwenye msuli na mimi nisingejua. Nilishusha ncha kidogo, mstari ukabonyea na kuachia, na lidokeini iliyofuata ikakimbia chini ya akromioni. Dakika 15 baadaye aliinua mkono hadi nyuzi 150, maumivu yakiwa 2.

Alifurahi na kuniuliza, "Daktari, kesho naweza kurudi kwenye cherehani?" Nilimjibu, "Mama, unafuu huu wa sasa ni wa ganzi, baada ya saa mbili tatu utaondoka. Maumivu yakirudi usiku usidhani sindano imeharibika. Dawa yenyewe huanza kazi baada ya siku mbili au tatu, na wengine huchukua wiki nzima."

Maelekezo ya nyumbani

Mazungumzo hayo yaandikwe kwenye karatasi, kwa sababu mgonjwa aliyetoka kuchomwa hukumbuka nusu ya aliyoambiwa. Siku hiyo asiendeshe gari, kwa kuwa mkono wenye ganzi hauaminiki. Kwa siku 2 za kwanza atumie mkono kwa kazi nyepesi tu, na kwa wiki 2 asinyanyue mizigo wala kufanya kazi ya mikono juu ya kichwa, kwani kano iliyo karibu na steroidi ni dhaifu kidogo katika kipindi hicho huku maumivu ya kumwonya yakiwa yamefunikwa. Mkono usifungwe kwenye kitambaa cha kuuning'iniza shingoni; uachwe ukining'inia na kubembea taratibu mara kadhaa kwa siku. Mazoezi ya kuimarisha bega yaanze baada ya wiki 1 au 2, na tarehe ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia ipangwe kabla hajatoka mlangoni.

Maumivu ya kuchachamaa yatulizwe kwa parasetamoli na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Hapa ndipo mgonjwa anapaswa kufundishwa tofauti moja kwa uangalifu. Kuchachamaa huanza mapema, ndani ya siku ya kwanza, na kila siku inayofuata huwa afadhali. Maambukizi kwa kawaida huchelewa: mgonjwa anaweza kuwa ameanza kupata nafuu, kisha siku ya tatu au baadaye bega likaanza kuuma upya, likawa la moto na jekundu, na yeye akapata homa au kutetemeka. Huyo arudi siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na asianzishiwe vidonge vya antibiotiki kabla majimaji hayajachukuliwa kwa uchunguzi.

Mwenye kisukari apime sukari asubuhi na jioni kwa siku 7. Kipimo cha asubuhi peke yake hudanganya, kwa sababu steroidi hupandisha zaidi sukari ya mchana na jioni. Awasiliane na kituo ikiwa sukari inazidi 15 mara mbili mfululizo, au ikiwa anapata kiu kali, kukojoa mara kwa mara au kutapika. Asijiongezee vidonge mwenyewe. Fundi cherehani yule alipiga simu jioni ya siku ya pili akiwa na 16.4, aliporudia baada ya saa mbili ilikuwa 14.1, hakuwa na dalili, akaambiwa anywe maji na aendelee kupima. Siku ya sita alikuwa amerudi kwenye 9.

Miadi ya kurudi na swali la sindano ya pili

Mwite mgonjwa baada ya wiki 6. Kabla ya kuuliza maumivu, uliza mazoezi, kwa sababu aliyepata nafuu na asiyefanya mazoezi ndiye atakayerudi mwezi wa nne baada ya sindano akitaka nyingine. Sindano ya pili isitolewe kabla ya miezi 3 kupita, na mimi siendi zaidi ya mbili kwenye bega moja ndani ya mwaka. Ikiwa ya kwanza haikuleta nafuu yoyote ingawa dawa ilionekana ikiingia kwenye bursa, ya pili haina sababu. Mgonjwa huyo anahitaji utambuzi upya. Na anayerudi akisema kwamba ghafla hawezi kuinua mkono kwa nguvu zake, ingawa hauumi sana, aangaliwe kano kwa ultrasaundi siku hiyo, kwani huenda imekatika.

Mama yule alirudi wiki ya sita akiwa na maumivu 3 kati ya 10, analala usiku kucha, na amehudhuria fiziotherapia mara 4. Aliomba sindano nyingine "imalizie." Nilimtazama tena kwa mashine: bursa ilikuwa imepungua hadi milimita 1.5, na kano ilikuwa nzima. Tukaangalia jinsi anavyokaa kwenye cherehani, na ikaonekana kwamba kiti chake ni kifupi, mkono wa kulia unafanya kazi ukiwa umeinuliwa karibu usawa wa bega siku nzima. Aliondoka na maelekezo ya kuongeza mto juu ya kiti, mazoezi ya wiki 6 zaidi, na bila sindano.